Asidi Isiyodumu: Asetoni ya Mgonjwa wa Kisukari Inatoka Wapi

Mgonjwa wa kisukari aliyekosa insulini kwa muda huanza kutoa pumzi yenye harufu ya pekee. Wauguzi wengine husema inanukia tunda lililoiva kupita kiasi, wengine husema ni dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Hawa wa pili wamelenga penyewe, kwa sababu kimiminika cha asetoni kinachouzwa madukani kwa kazi hiyo na kile kinachotoka katika mapafu ya mgonjwa ni kitu kimoja. Mwaka 1857, huko Praha, daktari Wilhelm Petters aliigundua asetoni katika mkojo wa mgonjwa wa kisukari, na tangu hapo madaktari wameichukulia kuwa dalili ya hatari.

Lakini ini halitengenezi asetoni. Mwili unapokosa insulini, seli nyingi zinashindwa kuitumia sukari iliyojaa katika damu, hivyo mafuta yaliyohifadhiwa yanaanza kuvunjwa kwa wingi. Ini huyachukua mafuta hayo na kuyageuza kuwa asidi mbili ndogo ambazo ubongo, moyo na misuli huweza kuzitumia kama nishati. Moja inaitwa asidi hidroksibutiriki, na nyingine ni asidi asetoasetiki. Asetoni inatokana na hii ya pili. Molekuli ya asidi asetoasetiki hupoteza kipande cha mwili wake, kipande hicho huondoka kikiwa hewa ukaa, na kinachobaki ni asetoni. Hakuna moto wala umeme unaohitajika. Joto la mwili linatosha, na hata ukiiacha asidi hiyo ndani ya chupa mezani, itapungua siku hadi siku.

Jambo hili linastahili kushangaza. Asidi za aina hii tunaishi nazo. Siki ya jikoni ni asidi asetiki, na unaweza kuichemsha kutwa nzima bila ya kupoteza hewa ukaa hata kidogo. Itatoka mvuke, itakuwasha puani, lakini molekuli zake zitabaki nzima. Asidi hidroksibutiriki, inayosafiri katika damu ileile pamoja na mwenzake, nayo haivunjiki hivyo. Ni asidi asetoasetiki peke yake inayojikata. Kwa nini?

Tuiangalie kwa karibu. Ina atomu nne za kaboni zilizopangwa kwa mstari, na wanakemia huiandika hivi: CH3–CO–CH2–COOH. Upande wa kulia kabisa kuna kundi la asidi lenyewe, COOH, yaani kaboni yenye oksijeni mbili, moja ikiwa imebeba hidrojeni. Kaboni inayofuata haina kitu ila hidrojeni mbili. Kisha inakuja kaboni ya tatu, na hapa ndipo penye siri: imeshikwa na oksijeni kwa kifungo maradufu. Kundi hilo la kaboni na oksijeni ndilo linaloifanya molekuli iitwe ketoni. Wanakemia huhesabu kaboni kuanzia jirani wa kundi la asidi kwa herufi za Kigiriki, alfa kisha beta, na kwa kuwa ketoni imekaa kwenye nafasi ya beta, familia nzima ya molekuli za umbo hili huitwa asidi za beta-keto.

Umbali huo kati ya ketoni na kundi la asidi ndio kila kitu. Kama ketoni ingekuwa mbali zaidi kwa kaboni moja, asidi ingetulia karibu kama siki. Ikiwa beta, mkia wa molekuli unaweza kujikunja mpaka hidrojeni ya kundi la asidi ikafika mdomoni mwa oksijeni ya ketoni. Hesabu atomu zilizozunguka duara hilo: oksijeni ya ketoni, kaboni ya beta, kaboni ya alfa, kaboni ya kundi la asidi, oksijeni yake, na hidrojeni. Ni sita. Duara la atomu sita ni umbo ambalo kemia ya kaboni hulipenda sana, kwa sababu vifungo vinaweza kukaa katika pembe zao za kawaida bila kukazwa wala kupindwa kwa nguvu.

Ndani ya duara hilo, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Hidrojeni inaiacha oksijeni ya asidi na kushikwa na oksijeni ya ketoni. Elektroni zilizokuwa zikiishikilia zinarudi nyuma na kutengeneza kifungo maradufu kipya katika kundi la asidi, ambalo sasa linageuka kuwa hewa ukaa. Wakati huohuo kifungo kilichounganisha kundi la asidi na kaboni ya alfa kinakatika, na elektroni zake mbili zinasogea kuwa kifungo maradufu kati ya kaboni ya alfa na ya beta. Ukitaka kuipata picha yake, fikiria watu sita walioketi duara barazani wakiwa na vikombe vitatu vya kahawa, na kwa ishara moja kila kikombe kikasogezwa nafasi moja upande uleule. Hakuna aliyeachwa na vikombe viwili, hakuna kikombe kilichomwagika katikati. Vikombe hapa ni jozi za elektroni, na kwa vile zote zinasogea kwa wakati mmoja, hakuna atomu inayolazimika kubeba chaji kubwa ya umeme peke yake hata kwa kitambo.

Hali hiyo ya katikati, ambapo vifungo vya zamani vimenyooka karibu kukatika na vipya havijakaza bado, huitwa hali ya mpito. Haiwezi kuwekwa ndani ya chupa wala kupigwa picha kwa mashine ya kawaida ya maabara. Inadumu kwa muda mfupi kuliko mtetemo mmoja au miwili ya kifungo. Kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza: nani aliyeiona? Tunajuaje kwamba duara hilo lipo kweli, na si mchoro mzuri tu wa vitabuni?

Jibu ninalolipenda zaidi linaanzia Denmark. Mwaka 1929, Kai Julius Pedersen alichapisha utafiti wake kuhusu asidi hizi. Alitambua kwamba kama picha ya kusogea kwa elektroni ni sahihi, basi kitu cha kwanza kinachozaliwa baada ya hewa ukaa kuondoka hakiwezi kuwa asetoni. Rudi kwenye duara: hidrojeni imehamia kwenye oksijeni ya ketoni, na kifungo maradufu kimehamia kati ya kaboni mbili. Hiyo si ketoni tena. Ni molekuli yenye atomu zilezile za asetoni lakini zimepangwa vingine, CH2=C(OH)–CH3, nayo huitwa enoli. Enoli hiyo haikai. Ndani ya maji hidrojeni moja hutoka kwenye oksijeni, nyingine hushika kaboni, na umbo linageuka kuwa asetoni ya kawaida. Asetoni iliyotulia ndani ya maji ina enoli kidogo mno, chini ya molekuli moja katika milioni mia moja. Basi ukipima mwisho wa safari utaona asetoni tu, na enoli utaikosa.

Pedersen hakujaribu kuitazama enoli. Aliiwekea mtego. Enoli ina sifa moja inayoisaliti: hushika halojeni, mathalani bromini au iodini, kwa kasi kubwa sana, ilhali ketoni ya kawaida huzishika polepole. Bromini ndani ya maji ina rangi ya manjano iliyokaribia kahawia, kwa hiyo inapotumika, rangi hufifia na mtu huweza kufuatilia. Tatizo ni kwamba asidi asetoasetiki yenyewe nayo huweza kugeuka kuwa na sura ya enoli kabla ya kuvunjika, kwa kutumia hidrojeni za kaboni ya alfa. Bromini ikipotea, mtu hatajua imeshikwa na nani.

Hapo ndipo akatumia asidi nyingine ya ukoo huohuo, ambayo hidrojeni zote mbili za kaboni ya alfa zimeondolewa na nafasi zao kujazwa na makundi ya CH3. Inaitwa asidi dimethilasetoasetiki. Upande huo hauna hidrojeni ya kutoa, kwa hiyo asidi nzima haiwezi kuwa enoli kwa njia ya kaboni ya alfa. Nayo huvunjika kama dada yake, ikitoa hewa ukaa na ketoni. Pedersen alipoiacha ivunjike mbele ya halojeni, halojeni ilitumika kadiri hewa ukaa ilivyotoka. Ketoni iliyokwisha kutengenezwa, ikiwekwa katika hali ileile, haikuitumia kwa kasi ya namna hiyo. Na kuwepo kwa halojeni hakukuifanya hewa ukaa itoke haraka zaidi. Maana yake ni kwamba halojeni haikugusa asidi, na haikuingoja ketoni. Ilimkamata msafiri aliyekuwa katikati ya njia, yule aliyezaliwa baada ya hewa ukaa kuondoka na kabla ketoni haijakamilika. Halojeni ilikutwa imekaa kwenye kaboni ileile ambako kundi la asidi lilikuwa limeshikilia. Ni enoli, na si kitu kingine.

Jaribio hilo linathibitisha enoli, lakini halithibitishi duara. Kulikuwa na wazo jingine lenye nguvu: pengine hidrojeni hairuki ndani ya duara, bali asidi kwanza inaiachia kabisa, kisha oksijeni ya ketoni inaishika kivyake, na molekuli inabaki na chaji chanya upande mmoja na hasi upande mwingine ndipo ikatike. Tofauti ya mawazo haya mawili inaweza kupimwa kwa kubadilisha kimiminika. Molekuli yenye chaji mbili hupenda maji na huchukia viyeyushi visivyo na umeme mwingi ndani yake. Kama njia ingepitia molekuli za namna hiyo, kubadilisha kimiminika kungebadilisha kasi kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1941 Frank Westheimer na mwenzake Jones waliipima asidi ileile ya Pedersen katika viyeyushi tofauti, na kasi ilibadilika kidogo tu. Molekuli inayovunjika haionyeshi kujali imezungukwa na nini. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa kwa duara lililofungwa, ambamo hidrojeni imeshikwa na pande zote mbili na hakuna chaji iliyoachwa wazi.

Ushahidi wa tatu ni wa asidi inayokataa kuvunjika, na unapitia kafuri, ambayo watu wa pwani yetu wanaijua vizuri kwa kuwa huwekwa katika maji ya kuoshea maiti. Molekuli ya kafuri ni kizimba cha kaboni: pete moja ya kaboni sita iliyovukwa na daraja la kaboni moja. Kutokana na kafuri, wanakemia hutengeneza asidi ketopiniki, ambamo kundi la asidi limewekwa kwenye kona ambapo daraja linakutana na pete, na ketoni iko kwenye kaboni ya jirani. Ukiiandika kwenye karatasi ni asidi ya beta-keto kamili, kama ya mgonjwa wa kisukari. Mtu aliyesoma kanuni tu angetabiri kwamba itavunjika kwa joto dogo. Haivunjiki. Inastahimili joto ambalo dada zake wote wangekuwa wamekwisha zamani, hata ikafika kuyeyuka, zaidi ya nyuzi 230 za Selsiasi, ikiwa bado asidi.

Sababu ni enoli. Kuvunjika kunadai kifungo maradufu kipya kati ya kaboni mbili, na kifungo maradufu kinataka atomu zinazokizunguka zilale bapa, kama zimewekwa juu ya meza. Kona ya kizimba haiwezi kulala bapa. Matawi yake matatu yamevutwa nyuma na muundo wenyewe, na kulilazimisha kungekuwa ni kukivunja kizimba. Julius Bredt, Mjerumani aliyetumia miaka mingi ya kazi yake kwa molekuli za jamii ya kafuri, aliieleza kanuni hii mwaka 1924: vifungo maradufu havikai kwenye kona za vizimba vidogo vya namna hii. Kwa hiyo mlango wa enoli umefungwa, na asidi haina pa kutokea. Nadhani huu ndio ushahidi mzuri kuliko yote, kwa sababu ketoni ipo mahali pake, kundi la asidi lipo mahali pake, kilichokosekana ni umbo la enoli tu, na hilo likikosekana mmenyuko wote unasimama.

Ukiyajua hayo, unaelewa pia kwa nini asidi hidroksibutiriki ya damu haivunjiki. Nayo ina oksijeni kwenye kaboni ya beta, lakini imeshikwa kwa kifungo kimoja, ikiwa na hidrojeni yake tayari. Hakuna kifungo maradufu cha kusogea, kwa hiyo elektroni zinazotoka upande wa kundi la asidi hazina pa kwenda. Tofauti ya hidrojeni mbili tu kati ya molekuli hizi inaamua ipi itatoka kwa pumzi na ipi haitatoka.

Sasa turudi kwenye damu, na hapa inabidi kuwa mwangalifu, kwa sababu vitabu vingi huchora duara na kuliacha kana kwamba ndilo linalofanya kazi yote mwilini. Duara linahitaji hidrojeni ya kundi la asidi. Lakini asidi asetoasetiki huiachia hidrojeni hiyo kwa urahisi, na katika damu, ambayo pH yake kwa mtu mzima ni karibu 7.4, ni molekuli moja tu kati ya elfu kadhaa ambayo bado inayo. Zilizobaki ni ioni yake hasi, asetoasetati. Ioni hiyo huvunjika pia, lakini kwa njia ngumu zaidi: kundi la asidi linaondoka likiwa hewa ukaa na kuziacha elektroni zake juu ya molekuli, nazo zinavutwa na oksijeni ya ketoni mpaka maji yatakapotoa hidrojeni ya kuzituliza. Kwa nyuzi 37, asidi yenye hidrojeni yake hupungua kwa nusu ndani ya takriban dakika 140. Ioni huchukua kama saa 130 kufika nusu. Asidi ina kasi zaidi ya mara 50, lakini kwa uchache wake katika damu haiwezi kufidia, na sehemu kubwa ya kazi hubaki kwa ioni.

Kuna msaada mwingine. Makundi ya amini, yaliyojaa katika protini, huweza kushikana na ketoni na kuiondoa oksijeni yake, nitrojeni ikachukua nafasi hiyo. Nitrojeni iliyobeba chaji chanya huvuta elektroni kwa nguvu kuliko oksijeni ya ketoni, na hewa ukaa huondoka kwa wepesi. Bakteria aitwaye Clostridium acetobutylicum ameifanya njia hii kuwa kazi yake. Ana kimeng'enya maalumu kinachoshika asetoasetati kwa amini, na ndicho alichokitegemea Chaim Weizmann katika Vita vya Kwanza vya Dunia alipoanzisha utengenezaji wa asetoni kwa kuchachusha nafaka, kwa ajili ya baruti ya Waingereza. Namna kimeng'enya hicho kinavyofanya kazi ilifafanuliwa baadaye katika maabara ya Westheimer, yuleyule wa mwaka 1941. Duara na amini ni njia mbili za kufanya jambo moja: kuzitafutia mahali elektroni zinazoachwa na hewa ukaa.

Jambo moja huchanganya watu wengi. Mgonjwa aliyefika hatua mbaya hupumua kwa kina na kwa nguvu, pumzi aliyoieleza Adolf Kussmaul mwaka 1874. Hewa ukaa anayoitoa kwa wingi namna hiyo haitokani hasa na kuvunjika kwa asetoasetati. Inatokana na bikaboneti ya damu, inayotumika kuzizima zile asidi. Na kuvunjika kwenyewe si adui. Kila asetoasetati inayogeuka asetoni humeza hidrojeni moja yenye chaji na kuacha kitu kisicho asidi, ambacho huchemka kwa nyuzi 56 na kwa hiyo huvukia kwa wepesi mapafuni. Harufu inatisha kwa sababu inatuambia ini limezalisha asidi nyingi mno. Asetoni yenyewe ni sehemu ya asidi hiyo iliyokwisha kuondolewa.

Kuvunjika huku kumewahi kutumika kama kipimo, na mpaka leo kunaathiri vipimo tulivyo navyo. Mwaka 1865 daktari wa Kijerumani Carl Gerhardt aligundua kwamba mkojo wa wagonjwa hawa hugeuka mwekundu kama divai unapotiwa kloridi ya chuma. Chuma hushikwa na asetoasetati kwa oksijeni zake mbili, katika sura yake ya enoli, na kutoa rangi hiyo. Kipimo kilikuwa rahisi, lakini kilikuwa na mtego: mtu aliyemeza dawa za jamii ya aspirini huwa na salisilati katika mkojo, na salisilati nayo ikikutana na chuma hutoa rangi ya zambarau iliyo karibu kabisa na ile. Mgonjwa wa homa aliyetibiwa kwa dawa hizo angeweza kudhaniwa ana asidi ya kisukari.

Fikiria fundi wa maabara wa zamani mwenye mkojo wa namna hiyo mbele yake. Rangi nyekundu imeonekana, na hajui ni ya nani. Anagawa mkojo mbichi katika mirija miwili. Mmoja anauweka kando. Wa pili anautia asidi kidogo ili asetoasetati ipate tena hidrojeni yake na duara liweze kufungwa, kisha anauchemsha dakika kadhaa. Kwa joto la mwili kungoja nusu ya asidi iishe kungemgharimu saa mbili na zaidi, lakini kasi ya mmenyuko huu huongezeka kwa mamia kati ya nyuzi 37 na nyuzi 100, na nusu hiyo sasa inaisha kwa muda usiozidi dakika moja. Hewa ukaa inatoka, asetoni inaruka na mvuke. Anaupoza mrija, anaizima asidi iliyozidi ili chuma kifanye kazi vizuri, na kutia kloridi ya chuma kwa yote miwili. Kama mrija uliochemshwa umefifia na ule mbichi ni mwekundu, ilikuwa asetoasetati. Kama yote miwili ina rangi sawa, ilikuwa salisilati, kwa sababu molekuli hiyo haina ketoni kwenye nafasi ya beta na maji yanayochemka hayaivunji. Naliona jaribio hili kuwa zuri kupita kiasi: hukumu nzima ya ugonjwa inategemea kama kuna duara la atomu sita linaloweza kufungika ndani ya molekuli au la.

Leo wengi hutumia vijiti vya kupimia mkojo, vinavyogeuka zambarau kwa kemikali iitwayo nitroprusidi, mbinu iliyotokana na kazi za Legal mwaka 1883 na Rothera mwaka 1908. Kijiti huona asetoasetati, na asetoni kwa uhafifu sana au isionekane kabisa. Asidi hidroksibutiriki hakiioni. Mkojo uliokaa wazi tangu jana hutoa majibu ya uongo, maana sehemu ya asetoasetati imekwisha kuvunjika, bakteria wamekula nyingine, na asetoni imepotea hewani. Mkojo wenye asidi zaidi hupoteza haraka, kwa sababu asetoasetati nyingi zaidi ina hidrojeni yake. Kama haiwezekani kupima papo hapo, chombo kifungwe na kiwekwe kwenye jokofu.

Kuna kosa jingine lililo gumu kulitambua. Mgonjwa aliye hoi huwa na hidroksibutiriki mara tatu au zaidi ya asetoasetati, kwa hiyo kijiti kinaweza kuonyesha rangi hafifu huku hali ni mbaya. Akishaanza kupewa insulini na maji, hidroksibutiriki hubadilishwa kurudi kuwa asetoasetati, na kijiti kinakolea rangi. Muuguzi asiyejua hilo huona mgonjwa anazidiwa, kumbe anapona. Ndiyo maana wodi zenye uwezo hupima hidroksibutiriki ndani ya damu kwa tone kutoka kidoleni, na huufuata ugonjwa kwa pH na bikaboneti, kijiti kikibaki kwa ajili ya kugundua mapema tu. Na pumzi ya mgonjwa inaweza kuendelea kunukia baada ya damu kuwa karibu sawa, maana asetoni iliyokwisha kuyeyuka katika maji ya mwili mzima hutoka polepole, pumzi baada ya pumzi.